Doch, ja na mal: namna ya kuvitumia bila kumkera Mjerumani

Mwanafunzi wa Kijerumani wa ngazi ya B1 anaweza kumwambia mwenzake wa nyumba afunge dirisha, *Mach das Fenster zu*, sarufi ikawa safi kabisa, na bado mwenzake akasikia amri ya bosi. Akisema *Mach mal das Fenster zu*, linafungwa bila mtu kununa. Kitenzi ni kilekile na dirisha ni lilelile. Kilichoongezeka ni *mal* tu, na ukiitafuta kwenye kamusi utaambiwa maana yake ni "mara", jambo lisilokusaidia chochote hapo.

Wajerumani wanaviita vijineno hivi Modalpartikeln. Mtaalamu wa isimu Harald Weydt aliviita Abtönungspartikeln mwaka 1969, kutokana na kitenzi *abtönen*, yaani kuchanganya rangi kidogo hadi ikolee au ififie. Jina hilo linafaa, kwa sababu habari iliyomo kwenye sentensi haibadiliki. Kinachobadilika ni msimamo wa msemaji kwa anayemsikiliza. Nafundisha watu wanaozungumza Kiswahili, na ninavyoona wana bahati kuliko wengi: lugha yetu inafanya kazi hiyohiyo kwa *si*, *hebu*, *kumbe* na *basi*. Hapa nashughulika na vitatu tu, doch, ja na mal, kwa sababu ukivimudu hivi mazungumzo ya kila siku yatalainika.

Hatua ya 1: Vitenganishe na mapacha wao

Kila kimoja kina pacha mwenye sura ileile na kazi nyingine. *Ja* inayosimama peke yake ni "ndiyo". *Mal* inaweza kuwa hesabu (*zweimal*, mara mbili), au sehemu ya *nicht mal* (hata si) na *noch mal* (tena). *Doch* mwanzoni mwa sentensi mara nyingi ni "lakini", na ikiwa jibu inapinga swali la kukanusha: *Kommst du nicht?* – *Doch!* (Nakuja!). Hilo la mwisho liangalie sana, maana sisi tukiulizwa "Huji?" tunajibu "Ndiyo, siji". Mjerumani asiyekuja anajibu *Nein*.

Kipimo ni rahisi. Kijineno tunachokitafuta hakisimami peke yake kama jibu, hakikai mwanzoni mwa sentensi, na kwa kawaida hakitamkwi kwa mkazo. Ukisikia *Er ist DOCH gekommen* na sauti ikapanda kwenye *doch*, maana ni "amekuja hatimaye, ingawa tulidhani haji". Huyo ni pacha.

Hatua ya 2: Kiweke mahali pake

Tafuta kitenzi kinachobadilika kufuata nafsi. Ruka viwakilishi vifupi vinavyokifuata, kama *es, dir, mich, sie*. Kisha weka kijineno, kabla ya ile habari unayotaka isikike.

*Ich habe es dir doch gesagt.* (Si nilikwambia!)

*Ruf mich doch mal an.* (Nipigie basi siku moja.)

*Das stimmt doch nicht.* (Si kweli bwana.)

Mahali panapokwaza wengi ni kwenye viwakilishi. *Ich habe doch es dir gesagt* haisemwi. Ikiwa ni nomino kamili una uhuru: *Ruf doch mal deine Mutter an* na *Ruf deine Mutter doch mal an* zote zinakubalika. Vikiwa viwili pamoja, *doch* inatangulia na *mal* inafuata. *Mal doch* hutaisikia kwa mwenyeji.

Hatua ya 3: Chagua kati ya ja na doch

Hapa ndipo kwenye kazi hasa, kwa hiyo tutulie kidogo. Vyote viwili vinamwambia msikilizaji: "hili unalijua, au unaweza kuliona." Tofauti ni kwamba *ja* inachukulia mnakubaliana, ilhali *doch* inaona kuna kitu kinagongana, kwamba msikilizaji amesahau, anapinga, au anatenda kana kwamba hajui.

Chukua nyumba moja ya kupanga Leipzig, wanaishi wawili, na maziwa yameisha.

Wa kwanza anarudi kutoka jikoni na kutoa habari mpya: *Wir haben keine Milch mehr.* Hapo hakuna kijineno, kwa kuwa mwenzake hajui.

Tuseme badala yake amefungua friji mwenyewe na kushtuka: *Wir haben ja keine Milch mehr!* Kumbe maziwa yameisha! *Ja* hii ya mshangao inataka ushahidi uwe mbele ya macho. *Du bist ja ganz nass!* unamwambia mtu aliyeingia analowana na mvua. *Kumbe* yetu inakaa palepale.

Baada ya saa moja anavaa viatu: *Ich gehe schnell einkaufen, wir haben ja keine Milch mehr.* Wote wawili wanajua, hakuna ubishi, ni sababu tu inayotajwa kwa kupita. Kwa Kiswahili ungesema "si unajua maziwa yameisha".

Jioni mwenzake anatangaza kwamba anapika chapati za maji, na bakuli keshalitoa. Sasa ni: *Wir haben doch keine Milch mehr!* Si maziwa yameisha! Alijua, na bado anafanya kama hajui. *Ja* hapo ingekosa nguvu, kwa sababu haimwonyeshi kwamba mpango wake umegongana na ukweli.

Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo jiulize maswali mawili. Je, msikilizaji analijua au analiona jambo hili? Kama hapana, acha vijineno vyote viwili. Kama ndiyo, je, anakwenda kinyume nalo? Kama hapana ni *ja*, kama ndiyo ni *doch*.

Kosa linaloumiza zaidi hutokea kwenye kujitambulisha. *Ich komme aus Tansania* ni sentensi timamu. *Ich komme ja aus Tansania* ukimwambia mtu mliyekutana sasa hivi, atabaki kujiuliza kama mliwahi kuonana. *Ich komme doch aus Tansania* ni lawama: nilishakwambia, mbona umesahau? Kwenye usaili wa kazi *ja* inaweza kufaa ukigusia jambo lililoko kwenye wasifu wako, kwa mfano *Ich habe ja drei Jahre auf der Kinderstation gearbeitet*, kwa kuwa karatasi iko mezani kwao. *Doch* mahali hapo ni kuwaambia hawakusoma.

Kuna *ja* moja yenye mkazo, nayo ni ya onyo: *Komm JA nicht zu spät!* Ole wako uchelewe. Ielewe ukiisikia, ila usiianze wewe.

Hatua ya 4: Lainisha amri na ombi

*Mal* inalipunguza jambo. Inaashiria kwamba ni dogo, ni la dakika moja, halitakusumbua. *Hebu* inabeba sehemu kubwa ya kazi hiyo: *Guck mal*, hebu tazama, *Warte mal*, hebu subiri. Kwenye swali pia inafaa: *Kannst du mal kommen?* Kwa sababu hiyo haiendani na jambo zito au la muda mrefu. *Lern mal Deutsch!* si ushauri mpole. Ni dharau, kana kwamba lugha nzima inajifunzika mchana mmoja.

*Doch* kwenye amri ina nyuso mbili, na wanafunzi huchanganyikiwa kwa kuwa vitabu vingi huonyesha ule wa tabasamu tu. Mimi hutumia kipimo hiki: faida ni ya nani? Ikiwa ni ya msikilizaji, *doch* inakaribisha. *Setz dich doch*, keti basi. *Nimm dir doch noch ein Stück*, ongeza kipande kingine basi. Ikiwa ni ya msemaji, au msikilizaji amekuwa akilalamika bila kuchukua hatua, *doch* inakaripia. *Mach doch das Fenster zu!* ni "si ufunge dirisha!" anayoambiwa mtu aliyelia baridi nusu saa nzima.

Ukiongeza *mal*, makali yanapungua: *Komm doch mal vorbei*, pita nyumbani siku moja basi. Ndiyo njia salama ya kumwalika mtu bila kumbana kwa tarehe. Hata hivyo sauti ina kauli yake. *Hör doch mal zu!* kwa sauti ya juu bado ni ukali.

Hatua ya 5: Tia rangi mazungumzo mazima

Kwenye mtihani wa Goethe wa B1, sehemu ya kwanza ya kuzungumza inawataka watahiniwa wawili wapange jambo pamoja. Tuseme ni kumtembelea rafiki aliyelazwa hospitali. Kwanza andika maongezi yakiwa makavu:

A: *Wir könnten ihn am Samstag besuchen.*
B: *Am Samstag muss ich arbeiten.*
A: *Dann fragen wir Thomas, ob er am Sonntag Zeit hat. Und wir kaufen Blumen.*
B: *Er mag keine Blumen.*

Sasa pitia mstari mmoja mmoja. Wa kwanza ni pendekezo, na *doch* inaliegemeza kwenye wazo kwamba hakuna sababu ya kukataa: *Wir könnten ihn doch am Samstag besuchen.* Wa pili unategemea A anajua nini. Kama zamu za B anazijua, ni *Am Samstag muss ich ja arbeiten*. Kama hazijui, *ja* inatoka na *leider* inaingia, yaani "kwa bahati mbaya". Watahiniwa wasiofahamiana wachague *leider*. Mstari wa tatu unapendekeza hatua ndogo: *Dann fragen wir doch mal Thomas.* Sentensi ya maua iache kavu, maana ukijaza kila mahali utasikika kama mchekeshaji anayeigiza Wajerumani. Wa mwisho unapinga kwa jambo ambalo A alipaswa kulikumbuka: *Er mag doch keine Blumen.*

Hatua ya 6: Jisikilize, kisha ufute

Rekodi maongezi hayo kwenye simu na usikilize mkazo kwanza. Ukiisikia *doch* ikipanda juu kuliko *Blumen*, umerudi kwa pacha wa hatua ya 1, na sasa unasema rafiki hapendi maua licha ya yote mliyodhani. Rudia huku ukiitamka haraka na chini, kama silabi iliyogandia kwenye kitenzi: *mag-doch*.

Halafu ondoa kijineno kimoja baada ya kingine na uulize kilichopotea. Kama huwezi kutaja kilichopotea, kifute. Kwenye barua ya kuomba kazi, barua pepe kwa ofisi ya uhamiaji, au fomu ya bima, vifute vyote bila kuuliza. Kwenye ujumbe wa simu kwa rafiki viache, maana huko Wajerumani huandika kama wanavyosema: *Meld dich doch mal, wenn du da bist.*