Gia mbili, shafti zilizoachana milimita 106: kuchora pinioni isiyogonga wala kubana

Mzee mmoja alishuka Mwanjelwa na fremu ya mashine ya kumenya kahawa kutoka Mlowo. Gia kubwa ya meno 52 ilikuwa nzima. Pinioni ya meno 18 alikuwa ameshachongesha kwingine, nayo ilikuwa inagonga kila ngoma inapobadilisha mzigo. Pinioni yenyewe ilichongwa sawasawa kabisa kwa kanuni ya kitabuni, ila kanuni hiyo haikuulizwa shafti za fremu hii zimeachana kiasi gani.

Hatua ya 1: pima fremu kabla ya gia

Pima kwa vernia kutoka ukingo wa nje wa shafti moja hadi ukingo wa nje wa nyingine, kisha toa nusu ya jumla ya vipenyo vyake. Mimi nilipata 136, na shafti ni za 25 na 35, kwa hiyo 136 − 30 = 106. Rudia upande wa pili wa fremu. Vipimo vikitofautiana, fremu imepinda au beringi zimeisha, na hapo usichore kitu kwanza.

Hatua ya 2: tambua pembe ya mgandamizo

Kipenyo cha nje cha gia kubwa ni 162. Gawanya kwa meno 52 + 2, unapata moduli 3. Pembe haionekani kwa macho, lakini vernia inaitoa: bana meno 6, andika; bana meno 7, andika. Nilipata 50.80 na 59.66, tofauti 8.86. Kwa moduli 3, pembe ya nyuzi 20 inatakiwa kutoa 8.856, na ile ya zamani ya 14.5 inatoa 9.125. Kwa hiyo hii ni 20.

Usitupe ile 50.80. Gia isiyo na plei yoyote ingesoma 50.895, maana yake meno ya gia kubwa tayari ni membamba kwa karibu 0.1. Tutaihitaji.

Hatua ya 3: hesabu

Umbali wa kawaida ni 3 × (18 + 52) / 2 = 105, na fremu inasema 106. Hiyo milimita moja ndiyo iliyokuwa inagonga, kwa sababu peke yake inaacha plei ya 0.76 kwenye meno. Dawa ni kuchonga pinioni ikiwa imesogezwa nje kidogo, ili jino linenepe na kujaza nafasi hiyo. Bandika hii kwenye konsoli ya Python ya FreeCAD:

```
from math import *
m, z1, z2, aw = 3, 18, 52, 106
al = radians(20)
a = m*(z1+z2)/2
alw = acos(a*cos(al)/aw)
inv = lambda t: tan(t)-t
x = (z1+z2)*(inv(alw)-inv(al))/(2*tan(al))
print(a, degrees(alw), x)
```

Inatoa 105, 21.44 na 0.345. Kwa kuwa gia kubwa hatuigusi, 0.345 yote inabebwa na pinioni.

Hapa vijana wengi huteleza. Wakiona 21.44 wanakwenda kuiandika kwenye `pressure_angle`. Hapana. Hiyo ni pembe ambayo meno yatasukumana nayo yakishafungwa. Jino lenyewe linachongwa kwa 20. Wengine wanakuza moduli iwe 3.03 ili umbali ufike 106. Umbali utatimia kweli, lakini nafasi ya jino hadi jino haitalingana tena na ya gia kubwa, na mashine italia mpaka meno yaliwe.

Hatua ya 4: chora

Kwenye benchi la gia la FreeCAD tengeneza gia ya meno 18: `module` 3, `pressure_angle` 20, `shift` 0.345. Kwa mashine ya kahawa, inayokula vumbi na maji, nataka plei ya 0.15. Gia kubwa imeshatoa 0.10, kwa hiyo `backlash` ya pinioni ni 0.05 tu. Kipenyo cha nje kinapaswa kuwa 62.07, kikitoka 60, `shift` haijaingia.

Chora na gia kubwa, `shift` 0, `backlash` 0.10, uiweke 106 pembeni kwenye mhimili wa X.

Hatua ya 5: jaribu kwenye skrini

Zungusha pinioni mpaka jino likae katikati ya pengo. Chagua gia zote mbili, tumia Part > Boolean > Intersection. Likibaki umbo lolote, meno yanaumana. Likiwa tupu, zungusha pinioni kidogo kidogo upande mmoja mpaka umbo litokee, andika pembe, kisha fanya hivyo upande wa pili. Kati ya mguso na mguso unatarajia kama nyuzi 0.32, kwa sababu pinioni inakutana na mwenzake kwenye nusu kipenyo cha 27.26, na 0.15 pale ni nyuzi hizo.

Ukipata karibu nyuzi 1.9, umesahau `shift`. Ukipata kama 0.1, uwezekano mkubwa ile 0.10 ya gia kubwa haukuiandika.