Gari limegongwa na aliyegonga kakimbia, fanya hivi

Nauza bima hapa Arusha na kesi ya hivi naipokea mara kwa mara, mtu kapaki IST yake Sakina kando ya barabara, anatoka dukani anakuta bampa la nyuma limeingia ndani na taa imevunjika na aliyegonga hayupo.

Kwanza usilisogeze kabla hujapiga picha. Piga gari zima likiwa na barabara, alafu sogea karibu upige rangi ya gari lingine iliyobaki kwenye bampa na vipande vya taa vilivyodondoka, maana hivyo ndo vinaonyesha uligongwa na sio wewe ulirudi nyuma ukagonga nguzo. Ulizia bodaboda na wenye maduka, chukua namba zao za simu, na kama kuna duka lenye kamera omba ile video siku hiyo hiyo, kamera nyingi zinajifuta zenyewe.

Kuna aliyeshika namba za gari? Ingia tiramis.tira.go.tz uweke namba ya usajili, itakuonyesha kama lina bima hai na ni ya kampuni gani. Likiwa nayo, dereva akishatambuliwa na polisi unadai kwenye kampuni yake. Likiwa halina, kwa sheria mwenye kosa ndo unamdai yeye mwenyewe, na kuipata hela mfukoni mwake ni shughuli nyingine.

Alafu nenda trafiki ukaripoti hata kama hujui aliyegonga, gari likaguliwe na uombe ripoti. Siku hiyo hiyo mjulishe wakala wako au kampuni yako, muda wa kutoa taarifa umeandikwa kwenye mkataba na ukiuchelewa wana sababu ya kukukatalia.

Sasa nani analipa? Hapa ndo watu wengi wanaumia. Bima ndogo, ile thedi pati ya kama 118,000 kwa gari binafsi, inalipa hasara uliyomsababishia mwingine, gari lako hailigusi kabisa, kwa hiyo aliyegonga asipopatikana matengenezo ni yako. Bima kubwa inalipa hata kama mkosaji hajulikani, ila unabeba eksesi. Tuseme fundi kasema 1,800,000 na eksesi yako ni asilimia 10, wewe unatoa 180,000, kampuni inatoa 1,620,000. Soma na kile kiwango cha chini cha eksesi, kwenye uharibifu mdogo kinaweza kumeza dai lote, na punguzo la kutodai nalo unaweza kulipoteza mwakani, piga hesabu kwanza.

Tafadhali sana fundi asianze kunyoosha kabla mkaguzi wa bima hajaliona gari, madai mengi yanafia hapo. Kampuni ikikukatalia bila sababu ya kueleweka, omba barua ya kukataa alafu ipeleke kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Na aliyegonga akija kupatikana baadaye, iambie kampuni, inaweza kumdai ilicholipa, na eksesi yako uidai hapo hapo.