Pumzi ya mwimbaji: mbavu zisianguke mapema

Kwa miaka kadhaa niliwaambia wanakwaya wangu "pumulieni tumboni, sukumeni sauti kwa kiwambo". Walitunisha matumbo, na sauti ikaendelea kukatika kabla ya mstari kwisha. Maelezo yenyewe ndiyo yaliyokuwa na kasoro.

Hewa haifiki tumboni, inaishia mapafuni. Kiwambo ni msuli mpana uliojikunja kama kuba chini ya mapafu. Unapovuta hewa hujikaza na kushuka, kikabana ini na utumbo, ndipo tumbo linapotokeza. Ukiimba, kinapanda kurudi juu. Kwa hiyo hakisukumi sauti. Kinachoweza kufanya ni kulegea taratibu, kama breki.

Hatua ya 1: Simama. Nyayo ziachane kwa upana wa nyonga, magoti yasikakamae. Inua mikono juu ya kichwa, kisha ishushe huku kifua kikibaki pale kilipoinukia. Mabega yalegee.

Hatua ya 2: Pokea hewa. Weka viganja kwenye mbavu za chini, vidole gumba vikielekea mgongoni. Toa pumzi, tulia kidogo, halafu iache hewa iingie kimya. Viganja visukumwe pembeni. Ukisikia mkwaruzo, koo limebana.

Hatua ya 3: Toa "sss". Hesabu hadi 12, kila hesabu sekunde moja, mlio ukiwa sawa mwanzo hadi mwisho. Mapafu yaliyojaa hujirudi yenyewe kama mpira uliovutwa, kwa hiyo mwanzoni kazi yako ni kuzuia: mbavu zibaki wazi. Hewa inapopungua, tumbo la chini liingie ndani polepole. Ukilisukuma nje kwa nguvu wakati wote, kama wengi wanavyofundishwa, koo nalo hukaza. Ukisikia kizunguzungu, pumzika.

Dada mmoja wa sauti ya pili alikuwa na mstari wa mapigo 16, naye alikatika kwenye la 11. Alidhani hewa haimtoshi, hivyo alijijaza mpaka mabega yakapanda. Nilipomsikiliza "sss", ilianza kwa kishindo na kufifia kwenye hesabu ya 7. Mbavu zilikuwa zimeanguka tangu ya 3. Nikamwambia apunguze hewa anayovuta, aanze kwa mlio mwembamba. Alipofika 14 bila kutetereka, tukaweka "vvv" badala ya "sss", kisha tuni yote kwa silabi "vu".

Tuliporudisha maneno, akakatika tena, safari hii kwenye la 13. Mstari ulianza na "hakika", naye alimwaga hewa kwenye ile "h" kama anayepuliza moto. Tulirudia neno hilo peke yake, "h" fupi, "a" ikiingia mara moja. Ndipo akafika la 16, mbavu zikiwa bado hazijaanguka.