Picha ni A3: maunti ikatwe wapi, na fremu iwe ya ngapi

Mama mmoja alikuja karakana na fremu mpya ya sentimita 40 kwa 50, pamoja na picha ya marehemu baba yake iliyochapwa A3. Mzee amesimama wima, kofia kichwani, kanzu ikionekana mpaka magotini. "Fundi, fremu nimeshanunua, wewe niwekee tu ile karatasi nyeupe ya pembeni." Nikapima, nikamwambia kwamba pambizo za kushoto na kulia zitakuwa pana, za juu na chini zitakuwa nyembamba, na jicho litaliona hilo siku ya kwanza. Akashangaa, maana fremu ilikuwa kubwa kuliko picha kila upande. Ilikuwa kubwa kweli, ila haikuizidi picha kwa kiasi kimoja pande zote.

Nitatumia picha hiyo hiyo kuonyesha hesabu yote. Maneno manne kwanza. Maunti ni ile kadi nene inayokaa kati ya kioo na picha. Dirisha ni tundu lililokatwa katikati ya maunti, picha inapoonekana. Pambizo ni upana wa kadi kutoka ukingo wa dirisha hadi ukingo wa nje. Mlalio ni ile sehemu ndogo ya kadi inayolalia juu ya picha ili kuishika isipenye dirishani. Vipimo vyote naviandika kwa milimita, upana kwanza, urefu wa wima baadaye. Ukiugeuza mpangilio huo mara moja tu, utakata maunti ya picha ya kulala kwa ajili ya picha ya kusimama, na kadi imeharibika.

Hatua ya 1: pima picha, usiamini jina la saizi

A3 ni 297 × 420. Hicho ni kipimo cha karatasi, na picha yenyewe inaweza kuwa ndogo kuliko karatasi. Printa nyingi za steshenari hazichapi hadi ukingoni. Huacha mstari mweupe wa milimita 4 au 5 kuzunguka. Ukikata maunti kwa kufuata karatasi, mstari huo mweupe utachungulia ndani ya dirisha, mara nyingi upande mmoja tu, kwa sababu karatasi haikupita katikati ya printa sawasawa.

Chukua rula ya chuma. Pima upana juu na chini, kisha urefu kushoto na kulia. Namba zikitofautiana, shika iliyo ndogo. Kama kuna mstari mweupe usioutaka, pima picha yenye rangi peke yake na uisahau karatasi. Picha ya yule mama ilichapwa studio, rangi ilifika ukingoni, kwa hiyo tulianza na 297 × 420 kamili.

Hatua ya 2: toa mlalio upate dirisha

Hapa ndipo wengi wanaojifunza hukosea, nami nilikosea: nilikata dirisha sawa na picha, nikaigeuza kadi, picha ikapenya na kuanguka mezani. Dirisha lazima liwe dogo kuliko picha.

Mimi nakata mlalio wa milimita 5 kila upande. Kila upande maana yake ni mara mbili, kwa hiyo unatoa 10 kwenye upana na 10 kwenye urefu. 297 inakuwa 287, na 420 inakuwa 410. Dirisha letu ni 287 × 410.

Kwa nini isiwe milimita 2, ili tusifiche picha? Kwa sababu karatasi haitulii. Huku pwani hunyonya unyevu wakati wa masika na kutanuka, kisha jua likikaza inasinyaa tena. Ndiyo maana picha haigundishwi pande zote nne; huning'inizwa nyuma ya maunti kwa vipande viwili vya tepu ya karatasi, upande wa juu tu, ili iweze kutanuka kwenda chini na pembeni. Ukiigundisha kote, inakosa pa kwenda na kuota mawimbi. Sasa picha inayosogea kidogo ikiwa na mlalio wa milimita 2, na mkono wako ukiteleza milimita moja wakati wa kuibandika, ukingo wake utatokea dirishani. Milimita 5 inavumilia yote mawili.

Kabla ya kukata, angalia milimita hizo 5 zinafunika nini. Kama ukingoni kuna kidole, ncha ya kofia au tarehe iliyoandikwa kwa mkono, punguza mlalio upande huo hadi 3.

Kuna picha zinazotaka hesabu ya kinyume. Michoro iliyochapwa kwa kibao cha mbao au lino na kusainiwa na msanii kwa penseli chini ya picha haitakiwi kufunikwa hata kidogo. Hapo dirisha linakuwa kubwa kuliko picha: acha karatasi nyeupe ionekane kama milimita 8 juu na pembeni, na 15 au zaidi chini, saini ipumue. Mlalio unahamia kwenye karatasi tupu ya nje. Kama msanii aliacha karatasi finyu mno, lipunguze eneo hilo jeupe, lakini saini usiifunike.

Hatua ya 3: amua upana wa pambizo

Kwa picha ya A3 naanzia milimita 60. Chini ya 45 maunti inaonekana kama mstari tu na picha inabanwa. Angalia pia upana wa mbao ya fremu: kama ni milimita 30, pambizo ya 30 itafanya mistari miwili ya unene mmoja ikimbizane kuzunguka picha, na macho yatafuata mistari badala ya sura ya mtu. Pambizo iwe angalau mara moja na nusu ya mbao. Mara mbili inapendeza zaidi.

Jambo jingine husahaulika. Nyuma ya fremu kuna mkato wa ngazi ambamo kioo na maunti hukaa, na mdomo wa mkato huo hufunika ukingo wa maunti kwa mbele. Mdomo wa fremu nyingi ni kama milimita 6. Pambizo uliyoikata 60 itaonekana 54 ukutani. Mteja akitaka aone 60, kata 66.

Pambizo ya chini naiongeza milimita 10. Zikiwa sawa kabisa juu na chini, picha huonekana kama imeshuka, kwa sababu jicho huweka katikati yake juu kidogo ya katikati ya rula. Wasiopenda nawakatia sawa, hakuna kinachoharibika.

Hatua ya 4: jumlisha upate maunti, kisha fremu

```
upana wa maunti = 287 + 60 + 60 = 407
urefu wa maunti = 410 + 60 + 70 = 540
fremu           = 410 × 543
```

Hizo milimita 3 za fremu ni nafasi ya kupumulia, kwa sababu kadi iliyobanwa ndani ya mbao hupinda. Na unapomwagiza seremala fremu, mwambie kwamba 410 × 543 ni kipimo cha ndani ya mkato, pale kioo kinapokaa. Usipomwambia, anaweza kuchukua kuwa ni kipimo cha nje, na utaletewa fremu ambayo maunti haiingii.

Hatua ya 5: ukiwa na fremu ya dukani, fanya hesabu kinyumenyume

Fremu inayouzwa kama 40 kwa 50 imepewa jina la kioo chake, si la ukubwa wa nje. Toa kioo ukipime, maana za dukani hupungua au kuzidi milimita mbili tatu. Kioo cha yule mama kilikuwa 400 × 500 barabara.

Kisha toa dirisha kwenye kioo. Upana: 400 kutoa 287 ni 113. Urefu: 500 kutoa 410 ni 90. Linganisha tofauti hizo mbili. Zikiwa sawa au zikikaribiana, pambizo zitakuwa sawa. Tofauti ya urefu ikizidi kidogo katika picha ya kusimama, pia ni vizuri. Hapa ya upana ndiyo iliyozidi: pembeni 56.5 kila upande, juu na chini 45 tu, na baada ya mdomo wa fremu zinabaki 50.5 na 39. Hicho ndicho nilichokiona kabla sijagusa kisu.

Ndiyo maana picha ya inchi 8 kwa 12 hukaa vizuri katika fremu ya 12 kwa 16: inchi 4 huku, inchi 4 huku. Fremu ya 50 kwa 70 nayo inaipokea A3 vizuri. Unabaki na 213 kwenye upana na 290 kwenye urefu, yaani 106.5 kila upande wa pembeni, na unaweza kugawa 140 juu na 150 chini. Ni pambizo pana sana, lakini picha ya mtu mmoja inaibeba.

Yule mama hakutaka fremu nyingine. Njia iliyobaki ilikuwa kufupisha dirisha. Nilitaka juu na chini nako kuwe 56.5, kwa hiyo urefu wa dirisha ukawa 500 kutoa 113, yaani 387. Picha ina urefu wa 420, hivyo milimita 33 zitafichwa. Hazilazimiki kugawanywa nusu kwa nusu, kwa sababu picha unaweza kuipandisha au kuishusha nyuma ya dirisha. Juu niliacha mlalio wa 5 ule ule ili kofia isiguswe, na 28 zote nikazipeleka chini, kwenye sehemu ya chini ya kanzu.

Hatua ya 6: jaribu kwa gazeti

Kadi ni ghali, gazeti si ghali. Nilikata gazeti 400 kwa 500, nikapiga mistari 56.5 kutoka kila ukingo, nikatoa dirisha la 287 × 387 na kuliweka juu ya picha. Mama akalisogeza mwenyewe kwa vidole, akalishusha kidogo, akalirudisha. Akauliza kama mkono wa kushoto wa mzee ulioshika bakora utabaki wote. Ulibaki, nafasi ya kidole kimoja juu ya ukingo wa chini. Nikaweka alama ya penseli nyuma ya picha mahali ukingo wa juu wa dirisha ulipofika, kisha nikachukua kadi.