"Njoo" au "kuja"? Namna ya kupima kwa nini kitenzi kikaidi hakinyooki

Mwanafunzi wa Kampala akisema "Kuja hapa!" badala ya "Njoo hapa!", usikimbilie kalamu nyekundu. Umbo lake lina kanuni. "Njoo" ndiyo kaidi, yaani haifuati kanuni, na kwa nini hainyooki ikaifuata unaweza kupima kwa kompyuta ya kawaida, kwa kuhesabu inatumika mara ngapi.

Hatua ya 1: Tenga ukaidi wa kweli na wa uongo

"Kula" si kikaidi. Vitenzi vyenye mzizi wa silabi moja (la, nywa, fa, ja) hubakiza "ku" mahali panapojulikana: anakula, alikunywa, lakini asile. Kwenye amri tunasema "Kula!" na "Kunywa!". Kwa kanuni hiyohiyo, amri ya "ja" ingekuwa "Kuja!". Mwanafunzi amefuata kanuni barabara. "Njoo" ndiyo iliyo nje ya mstari.

Daraja ya juu zaidi ya ukaidi ni kuazima mzizi mwingine kabisa. Yeye *ni* mwalimu, jana *alikuwa* mwalimu: "ni" na "wa" hazina hata herufi moja ya pamoja. Luganda, lugha ya nyumbani ya mwanafunzi wetu, hufanya vivyo hivyo: "ali" kwa sasa, "aliba" kwa baadaye. Mzizi huo wa "li" Kiswahili kimeuhifadhi kwenye "aliye" na "walio". Kuhusu "njoo" na "ja", zina "j" ya pamoja, kwa hiyo mimi nisingeapa kwamba ni mizizi miwili. Tuiite tu amri isiyotabirika.

Hatua ya 2: Kusanya matini

Tumia tamthilia na mazungumzo yaliyonakiliwa. Achana na magazeti, maana humo hakuna anayemwambia mwenzake "njoo". Hifadhi kama `matini.txt`.

Hatua ya 3: Hesabu

Hapa ndipo saa hupotea. Kwenye terminali ya Linux au Mac, anza na orodha ya maneno yote:

```
tr -cs "A-Za-z'" '\n' < matini.txt | tr A-Z a-z |
sort | uniq -c | sort -rn > orodha.txt
```

"Njoo" utaiona moja kwa moja. Tatizo ni "ja". Ukitafuta herufi hizo tupu utaletewa moja, jana, njaa na daraja. Ukitafuta "kuja" bila kufunga mwisho wa neno, utahesabu "anakujaribu" na "anakujali", ambamo "ku" ni wewe unayejaribiwa na kujaliwa. Alama ya `$` ndiyo dawa:

```
grep -E " (ni|u|a|tu|m|wa|i|zi|li|ya|ki|vi)(na|me|li|ta)kuja$" orodha.txt
```

Usisahau i, zi na wenzao, la sivyo "mvua inakuja" itakuponyoka. Hata hivyo amri hii haishiki "aliyekuja", "hakuja", "haji" wala "aje". Hizo zitafute moja moja kwa jicho. Kuzirundika zote kwenye mstari mmoja wa `grep` huzaa makosa usiyoyaona. "Kuja" iliyo peke yake ifungulie matini yenyewe, kwa sababu orodha haiwezi kukuambia kama ni "nataka kuja" au amri.

Kisha hesabu amri za vitenzi vingine: soma, funga, chemsha. Linganisha amri kwa amri. Ukilinganisha "njoo" na "kusoma" yote kwa jumla, hesabu haina maana.

Hatua ya 4: Soma matokeo

Umbo linalosikika kila mara hukumbukwa zima kabla kanuni haijapata nafasi. Linalosikika kwa nadra husahaulika, na msemaji huliunda upya kwa kanuni. Kiingereza kina mfano uliopimwa. Mwaka 2007 Erez Lieberman na wenzake walifuatilia vitenzi 177 vilivyokuwa vikaidi katika Kiingereza cha kale. Leo vimebaki 98. Walikuta kwamba kitenzi kinachotumika mara 100 pungufu hunyooka, yaani huanza kufuata kanuni, kwa kasi mara 10 zaidi. "Holp" ikawa "helped", lakini "went" ipo. Ila wingi wa matumizi hauzuii mabadiliko yote: "went" yenyewe iliporwa kutoka kitenzi "wend", ikaifukuza "eode" ya zamani. Ukaidi mmoja ulimrithi mwingine, na kanuni haikupita.

Kiwango hicho kilipimwa kwenye wakati uliopita wa Kiingereza, kwa hiyo usikichomeke kwenye hesabu zako za Kiswahili. Na kumbuka kwamba kinacholinda umbo ni idadi ya mara ambazo msemaji *huyu* amelisikia. Aliyekutana na Kiswahili sokoni au kambini ukubwani amesikia "njoo" mara chache kuliko mtoto wa Unguja. Mwanafunzi wetu wa Kampala nyumbani kwao huitwa "Jangu!" kutwa, yaani "njoo" kwa Luganda, na huko hakosei, ingawa amri hiyo nayo haitabiriki kutoka "okujja".

Mwisho, hesabu "njooni" peke yake. Luganda kwenye wingi hurudi kwenye mzizi, "mujje". Kiswahili hung'ang'ania ukaidi. Ikiwa kwenye matini zako "njooni" ni adimu kuliko "njoo", tazamia "kujeni", kwa mfano wa "kuleni", itangulie "kuja" kwenye madaftari ya wanafunzi.