Kabla ya kuhesabu stoo: andaa faili litakaloonyesha nani kabadili nini

Chukua duka la vifaa vya ujenzi Arusha, kaunta iko karibu na Soko Kuu, stoo iko Unga Limited, na wote wanaandika kwenye faili moja la Google Sheets. Anza na akaunti, maana faili halimtambui mtu, linatambua akaunti. Kompyuta ya kaunta ikiachwa wazi kwa akaunti ya bosi, kila badiliko litasoma jina la bosi. Anayeingia kwa kiungo cha wazi bila akaunti haonekani ni nani. Kwenye Share weka Restricted, kisha ongeza kila mfanyakazi kwa barua pepe yake mwenyewe.

Halafu hakikisha salio haliandikwi kwa mkono. Ukurasa wa Miamala uwe na tarehe, bidhaa, namba ya hati, iliyoingia na iliyotoka. Ukurasa wa Salio uwe na bidhaa, salio la kuanzia na fomula hii:

```
=B2+SUMIFS(Miamala!D:D,Miamala!B:B,A2)-SUMIFS(Miamala!E:E,Miamala!B:B,A2)
```

Funga ukurasa wote wa Salio kupitia Data > Protect sheets and ranges, ruhusa ibaki kwa mtu mmoja. Usichague Show a warning, kwani hiyo inaonya tu. Mtu akibonyeza OK anaendelea kuandika juu ya fomula.

Sasa tuseme faili linasema kuna mifuko 150 ya saruji, na stoo mmehesabu 142. Kishawishi ni kuongeza mstari wa kutoa 8 ili hesabu zikae sawa. Subiri kwanza. Linganisha hati za kutolea mzigo na mistari ya Miamala. Ukikuta hati inasema 20 na mstari unasema 12, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi kwenye seli hiyo, chagua Show edit history. Utaona akaunti iliyobadili, saa, na kwamba 20 iligeuzwa 12. Muulize mhusika, kisha rudisha 20. Salio litashuka lenyewe hadi 142. Ule mstari wa 8 ungeficha badiliko hilo moja kwa moja.

Hesabu ikishakubalika, funga pia mistari ya Miamala ya kipindi hicho, na upe toleo jina kwa File > Version history > Name current version, mfano "Baada ya hesabu ya Juni".

Historia ya seli haionyeshi mstari uliofutwa wote. Hapo fungua See version history, ulinganishe na toleo ulilolipa jina. Pia usihamie kwenye nakala ya Make a copy katikati ya mwezi: nakala huanza bila historia ya faili la awali, hivyo faili la awali lisifutwe.