Namna ya Kufungua Soda Iliyopata Joto Bila Kufurika Povu

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia shangazi yangu hapa Tabora, ambaye soda zake za harusi zilifika kwa guta katika jua la Oktoba na kuanza kufunguliwa papo hapo, kila chupa ikimwagika mezani.

Hatua ya 1. Shusha kreti taratibu na uziweke kivulini.

Hatua ya 2. Zipoze, na hapa pasifanyike haraka. Lita moja ya soda hubeba takribani gramu 7 za hewa ya ukaa, iliyoshindiliwa humo kiwandani kwa mgandamizo. Mwaka 1803 Mwingereza William Henry alieleza kwamba, joto lisipobadilika, kiasi cha gesi kinachoyeyuka katika maji huongezeka kadiri mgandamizo wa gesi hiyo juu ya maji unavyoongezeka. Joto nalo hufanya kinyume: kwa mgandamizo wa kawaida wa angahewa, lita ya maji yenye nyuzi 5 hushika karibu gramu 2.8 za hewa ya ukaa, ilhali yenye nyuzi 30 hushika karibu gramu 1.3 tu. Kwa hiyo chupa baridi huhitaji mgandamizo wa takribani mara mbili na nusu ya ule wa angahewa ili kuzizuia gramu zake 7, na chupa ya moto huhitaji takribani mara tano. Kizibo kikitoka, mgandamizo huo hutoweka ghafla, na gesi yote iliyozidi hutafuta njia ya kutokea. Katika soda ya moto iliyozidi ni nyingi zaidi, tena hutoka kwa kasi.

Mimi hutumia beseni la maji yenye mabonge ya barafu, wala si barafu peke yake bila maji, kwa sababu maji huigusa chupa pande zote. Ziache kwa nusu saa au zaidi, kisha ufungue moja ya majaribio, maana kioo huwahi kupoa kabla ya soda ya katikati. Friza siipendi: soda ikianza kuganda, barafu huisukuma gesi nje, na chupa huweza kupasuka.

Hatua ya 3. Ziache zitulie. Mtikisiko hutawanya vipovu vidogo ndani ya soda, na kila kipovu huwa mlango wa gesi kutokea. Chupa ikisimama wima kwa muda, vipovu hivyo hupanda juu na kuisha.

Hatua ya 4. Fungua. Kifuniko cha chupa ya plastiki kizungushe kidogo hadi usikie mlio, na povu likipanda kikaze tena, kwani mgandamizo utarudi na povu litashuka. Chupa ya kioo haina nafasi hiyo, kwa kuwa kizibo cha bati kikishapinda hakizibi tena. Ikiwa bado ina joto, irudishe kwenye beseni.